Mkulima anayeonekana kurasa mbili, na mwenzake asiyeonekana popote

*Shikamoo mwalimu. Natunza mfumo wa chama cha ushirika wa maziwa, hifadhidata ni PostgreSQL. Orodha ya mapokezi inapangwa kwa tarehe, rekodi 20 kila ukurasa, kwa LIMIT na OFFSET. Makarani wanalalamika kuwa mkulima mmoja anatokea ukurasa wa kwanza na wa pili, na mwingine haonekani kabisa, ila wakimtafuta kwa jina yupo. Kwenye kompyuta yangu tatizo halitokei. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Makarani wako wanasema kweli, na data yako haijaharibika. Kasoro iko kwenye ORDER BY. Umeiambia hifadhidata ipange kwa tarehe, lakini siku moja ina mapokezi mengi yenye tarehe ileile. Rekodi hizo zimekwenda sare, na wewe hukusema sare ivunjwe vipi. Usiposema, PostgreSQL ina ruhusa ya kuzitoa kwa mpangilio wowote, na inaweza kubadilisha mpangilio huo kila inapoulizwa. Ukurasa wa kwanza na wa pili ni maombi mawili yasiyojuana. Ombi la pili halikumbuki kabisa la kwanza lilimtoa nani.

Dawa yenyewe ni neno moja, nayo nitakupa. Ila kwanza nataka uuone ugonjwa kwa macho yako, kwa sababu nimeona watu wengi wakiongeza kolamu isiyofaa na kudhani wamepona. Tengeneza jedwali hili la majaribio:

```sql
CREATE TABLE mapokezi (
  id bigint PRIMARY KEY,
  mkulima text NOT NULL,
  tarehe date NOT NULL
);
INSERT INTO mapokezi
SELECT n, 'M' || n, DATE '2024-03-11'
FROM generate_series(1, 200) AS n;
```

Hapo una mapokezi 200, yote ya siku moja. Sasa omba kurasa mbili za mwanzo:

```sql
SELECT id FROM mapokezi ORDER BY tarehe LIMIT 20 OFFSET 0;
SELECT id FROM mapokezi ORDER BY tarehe LIMIT 20 OFFSET 20;
```

Kwenye matoleo ya sasa ya PostgreSQL, ukurasa wa kwanza utakupa 2, 3, 4 kuendelea hadi 20, halafu mwishoni kabisa 1. Ukurasa wa pili utaanza na 22, uende hadi 40, kisha mwishoni tena 1. Namba 1 ametokea mara mbili, na namba 21 hayupo ukurasa wa kwanza wala wa pili. Endelea: ukurasa wa tatu unatoa 42 hadi 60 na tena 1, wa nne 62 hadi 80 na tena 1. Kuanzia wa tano mambo yananyooka, unapata 81 hadi 100, na kurasa zote zilizobaki zinakwenda sawasawa mpaka 200.

Jumlisha sasa. Kurasa kumi, rekodi 20 kila moja, ni rekodi 200 kamili. Karani akihesabu mistari atasema orodha imetimia. Lakini wakulima tofauti walioonekana ni 197 tu: namba 1 ametokea mara nne, na 21, 41 na 61 hawakuonekana popote. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote katika kasoro hii, kwamba hesabu ya jumla haikupi dalili. Anayerudiwa anaziba nafasi ya anayepotea.

Kwa nini iwe hivyo hasa? Weka `EXPLAIN ANALYZE` mbele ya ombi la kwanza, utasoma `Sort Method: top-N heapsort`. PostgreSQL imeona kwamba unataka rekodi 20 tu kati ya 200, na haioni sababu ya kupanga zote. Inashika lundo dogo la nafasi 20, inapitia jedwali, na kila rekodi mpya inashindanishwa na iliyo dhaifu kuliko zote ndani ya lundo. Ikimshinda, inachukua nafasi yake, isipomshinda, inaachwa. Kwa kuwa tarehe zote ni sawa, hakuna anayeshinda, kwa hiyo 20 wa kwanza kufika ndio wanaobaki. Mwishoni lundo linafumuliwa. Aliye kileleni anatolewa na kuwekwa nafasi ya mwisho ya matokeo, na wa mkiani anapandishwa kileleni kujaza pengo. Kukiwa na thamani tofauti, hatua hii ndiyo inayopanga. Kukiwa na sare tupu, kazi yake pekee inakuwa kumpeleka wa kwanza nyuma ya wote.

Ukurasa wa pili hauwezi kushika nafasi 20. Ili uruke 20 na kutoa 20, lazima ushike 40, ufumue lundo la 40, kisha utupe 20 za mbele. Lundo la 40 linatoa 2, 3, 4 hadi 40 halafu 1. Ukitupa 20 za mwanzo, yaani 2 hadi 21, unabaki na 22 hadi 40 na 1. Namba 21 ametupwa kwa sababu ombi hili linaamini alikwisha onyeshwa ukurasa uliopita, na ukurasa uliopita haukuwa na habari hiyo. Kila ukurasa una lundo la ukubwa wake, na kila lundo linavunja sare kivyake.

Ukurasa wa tano unahitaji nafasi 100. Lundo linatumika tu rekodi zilizosomwa zikizidi mara mbili ya nafasi zinazotakiwa, na 200 haizidi 200. Kwa hiyo PostgreSQL inaacha lundo, inapanga zote kwa njia ya kawaida, na `EXPLAIN ANALYZE` inaandika `quicksort`. Njia hiyo inagundua kwamba rekodi zimekuja tayari zimepangwa na kuziacha zilivyo.

Bila shaka umeshapata jibu la kompyuta yako. Kama data yako ya majaribio ni rekodi 30 au hata 40, ukurasa wa kwanza wenye nafasi 20 haufikii kiwango cha kutumia lundo, kila kitu kinapangwa kwa njia ya kawaida, na sare zinatoka kwa mfuatano ule uliozoea kuuona. Rekodi ya 41 ikiingia, tabia inabadilika. Sasa kwenye chama kinachopokea maziwa ya mamia ya wakulima, asubuhi na jioni, kiwango hicho kinavukwa siku ya kwanza ya kazi.

Usije ukajenga kitu juu ya namba hizi nilizokupa, hata hivyo. Kwako utakuta vurugu isiyo nadhifu kama hii, kwa sababu unapanga tarehe mpya kwanza na jedwali lina siku nyingi, kwa hiyo lundo linaingiza na kutoa rekodi mara nyingi kabla ya kutulia. Wala usidhani kwamba ukikwepa lundo umepona. Karani akisahihisha lita za mkulima mchana, PostgreSQL haiandiki juu ya rekodi ya zamani, inaandika nakala mpya mahali pengine ndani ya jedwali, na mfuatano wa kusoma unabadilika. Mpangaji wa maombi naye anaweza kutumia faharasa leo, na kesho, baada ya jedwali kukua, akaamua kulisoma lote. MySQL ina sheria ileile: mwongozo wake unasema wazi kwamba thamani za ORDER BY zikilingana, seva iko huru kutoa rekodi kwa mpangilio wowote, na kwamba mpangilio wenye LIMIT unaweza kutofautiana na usio na LIMIT.

Dawa ni kuifanya sare isiwezekane:

```sql
SELECT id, mkulima, tarehe
FROM mapokezi
ORDER BY tarehe DESC, id DESC
LIMIT 20 OFFSET 20;
```

Kolamu ya mwisho katika ORDER BY lazima iwe ya kipekee, isiyo na nafasi tupu, yaani NULL. Hilo ndilo sharti lote. Ikiwa hivyo, kuna mpangilio mmoja tu sahihi wa rekodi zako, na lundo la 20, lundo la 40 na upangaji wa kawaida vyote vitalazimika kutoa huohuo. Haijalishi kama id ina maana kwa mtumiaji. Hata kitambulisho cha UUID kilichotungwa kwa bahati nasibu kinatosha: kitaweka wakulima wa siku moja katika mpangilio usioeleweka, ila utakuwa ni uleule kila unapoulizwa. Ukitaka mpangilio unaosomeka, weka jina katikati, `tarehe DESC, mkulima, id`. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni mtu kuongeza jina peke yake na kuishia hapo. Wakulima wawili wenye jina moja, au mkulima yuleyule aliyeleta maziwa asubuhi na jioni, wanakurudisha pale pale. Na hii ni mbaya zaidi kwa sababu sasa kasoro inatokea mara chache, na itakuchukua miezi kuigundua.

Mtego unaofanana na huo uko kwenye maombi yanayounganisha majedwali. Tuseme unaunganisha `wakulima` na `mapokezi`, na mwishoni unapanga kwa `wakulima.id`. Hiyo ni ya kipekee ndani ya jedwali la wakulima, lakini katika matokeo yako mkulima mmoja anatokea mara nyingi kadiri alivyoleta maziwa. Kinachotakiwa ni kitu cha kipekee kwa kila mstari wa matokeo, na hapa ni `mapokezi.id`. Kila unapoandika JOIN jiulize ni jedwali gani linalozidisha mistari, kisha chukua ufunguo wa jedwali hilo.

Tengeneza pia faharasa ya kolamu zote mbili:

```sql
CREATE INDEX ON mapokezi (tarehe, id);
```

Huna haja ya kuandika DESC humo, maana PostgreSQL inaweza kuisoma faharasa kinyumenyume mradi kolamu zote zinashuka pamoja. Bila faharasa hiyo matokeo bado yatakuwa sahihi. Faharasa ni kwa ajili ya kasi tu. Kuna watu wanaoamini kinyume chake, kwamba wakiwa na faharasa ya tarehe basi mpangilio umeshathibitika. Kwenye MySQL imani hii inadumu sana, kwa kuwa faharasa ya InnoDB hubeba ufunguo mkuu ndani yake, na rekodi zikisomwa kupitia humo zinatoka zimepangwa kwa tarehe kisha id bila wewe kuomba. Inafanya kazi mpaka siku mpangaji atakapochagua njia nyingine. Faharasa haijawahi kuwa ahadi ya mpangilio. Ahadi ni ORDER BY peke yake.

Ukishafanya hivyo, sare imekwisha, na kama orodha yako ni ya siku zilizofungwa unaweza kuishia hapa. Lakini orodha ya mapokezi ya leo inabadilika wakati karani anaisoma, na OFFSET ina udhaifu wake hapo ambao kuvunja sare hakuuponyi. Karani amefungua ukurasa wa kwanza. Kabla hajabonyeza wa pili, mkulima mmoja amepimiwa maziwa na rekodi yake imeingia juu ya orodha. Wote wamesukumwa nafasi moja chini, na aliyekuwa wa 20 sasa ni wa 21, kwa hiyo karani anamkuta tena akiongoza ukurasa wa pili. Rekodi ya juu ikifutwa, kinyume chake kinatokea: aliyekuwa wa 21 anapanda hadi wa 20 na karani anamruka. Dalili zinafanana kabisa na za sare, ndiyo maana ni rahisi kuchanganya magonjwa haya mawili. Kuyatenganisha ni rahisi: omba kurasa usiku, wakati hakuna anayeandika. Marudio yakiendelea, ni sare.

Badala ya kusema "ruka 20", sema "endelea baada ya huyu". Programu inahifadhi tarehe na id ya rekodi ya mwisho iliyoonyeshwa, kama mtu anavyoweka kialamisho kitabuni, na ombi linalofuata linaanzia hapo. Kwenye jedwali letu la majaribio, ukurasa wa kwanza ukipangwa kwa kushuka unatoa 200 hadi 181. Wa pili unaombwa hivi:

```sql
SELECT id, mkulima, tarehe
FROM mapokezi
WHERE (tarehe, id) < (DATE '2024-03-11', 181)
ORDER BY tarehe DESC, id DESC
LIMIT 20;
```

Mabano yale hulinganisha kama kamusi inavyopanga maneno: herufi ya kwanza kwanza, na zikilingana ndipo inatazamwa ya pili. Tarehe ndogo inapita moja kwa moja. Tarehe ikiwa ileile, id lazima iwe chini ya 181. Mkulima mpya akiingia juu hamsukumi mtu yeyote kwenye kurasa za chini.

Hapa sare inarudi kupitia mlango wa nyuma, na naomba uwe makini. Ukiandika `WHERE tarehe < '2024-03-11'` bila id, utapoteza kwa mpigo rekodi 180 zilizobaki za siku ile. Ukiona zimepotea na kubadili iwe `<=`, utapata ukurasa wa kwanza uleule milele. Kialamisho lazima kibebe kila kolamu iliyo kwenye ORDER BY, kwa mfuatano uleule. Na kama mielekeo inatofautiana, mathalani lita zinashuka huku id ikipanda, mabano hayafai tena kwa sababu alama moja haiwezi kwenda pande mbili. Andika kwa urefu: `lita < 12 OR (lita = 12 AND id > 57)`.

Siku utakapobadili tarehe iwe wakati kamili wa kupima, yaani `timestamptz`, kuna jambo lililowahi kunipotezea siku nzima. PostgreSQL hutunza wakati hadi maikrosekunde, tarakimu sita baada ya nukta. `Date` ya JavaScript inaishia kwenye milisekunde, tarakimu tatu. Rekodi ya mwisho ilikuwa ya saa 08:15:30.123456, programu ikaisoma, ikairudisha kama 08:15:30.123, na ombi likatafuta zilizo chini ya hapo. Rekodi zilizokuwa kati ya .123000 na .123456, ambazo bado hazijaonyeshwa, zikarukwa. Kama orodha ingekuwa inapanda, zingerudiwa badala ya kurukwa. Wapimaji wakiandika mmoja mmoja kwa mkono huenda usilione kamwe. Data ikipakiwa kwa mkupuo kutoka vituoni, utaliona. Chukua thamani ya kialamisho kama maandishi, `tarehe::text`, uibebe na kuirudisha bila kuigeuza kuwa kitu kingine njiani.

Angalia pia nafasi tupu. Kolamu unayopangia ikiwa na NULL, ulinganisho wa mabano hautoi ndiyo wala hapana, na WHERE inaitupa rekodi. PostgreSQL huweka NULL mwanzoni mwa orodha inayoshuka, kwa hiyo wenye NULL wataonekana ukurasa wa kwanza, na kama kialamisho chenyewe ni NULL ukurasa wa pili utakuja mtupu. Kwa tarehe ya mapokezi sioni sababu ya kuruhusu NULL hata kidogo. Weka `NOT NULL` umalize.

Gharama ya njia hii ni kwamba karani hawezi tena kurukia ukurasa wa 37, anakwenda mbele na nyuma tu. Pia haisaidii ukipanga kwa thamani inayobadilika, kama jumla ya lita za mwezi, kwa kuwa mkulima anaweza kuhama kutoka chini ya kialamisho kwenda juu yake wakati unasoma. Mimi ningebaki na OFFSET yenye `tarehe DESC, id DESC` kwenye skrini ya kutafuta siku zilizopita, na kutumia kialamisho kwenye orodha ya leo na kwenye kila kazi inayopitia kurasa zote bila mtu kutazama.

Jaribio lako la kudumu liwe hili: jaza rekodi 200 zenye tarehe moja, kama tulivyofanya juu, programu ipitie kurasa zote, ikusanye id, kisha ilinganishe idadi ya id tofauti na `SELECT count(*)`. Usihesabu mistari, maana tumeona 200 zikitimia huku watatu wakikosekana. Data ya majaribio yenye tarehe tofautitofauti haitakamata kitu.

Kisha kuna jambo moja ambalo nisingelala kabla ya kulifanya. Tafuta kila mahali ambapo orodha hii ilipitiwa ukurasa kwa ukurasa ili kutoa kitu kingine: faili la malipo, ujumbe wa simu kwa wakulima, ripoti iliyochapishwa. Mahali hapo mkulima aliyerudiwa huenda alilipwa mara mbili, na aliyepotea hakulipwa. Kwa kila kipindi cha malipo, linganisha id zilizo kwenye faili na zilizo kwenye `mapokezi`, pande zote mbili, na majina utakayoyapata umpelekee mhasibu leo hii.